Pasipoti ikiibiwa ughaibuni, hati ya dharura ina gharama yake

Tuseme kijana wa Likoni anasoma Uingereza. Ameomba kuongezewa viza kabla ya ile ya zamani kwisha, na jibu bado. Mara anaibiwa mkoba, pasipoti imo ndani. Siku chache baadaye anapigiwa simu: babake ni mahututi Mombasa.

Kwanza ni polisi. Achukue namba ya ripoti ya wizi, maana ubalozi wetu London utataka kuiona. Pasipoti ikishafutwa, hata ikiokotwa haisafiriwi tena.

Ubalozi waweza kumpa hati ya dharura, na hapa ndipo nionapo vijana wetu wakinaswa. Hati ile ni ya safari moja ya kurudi nyumbani; haina viza ya kumrudisha. Zaidi ya hayo, kwa sheria ya Uingereza, mtu akitoka nchini kabla ya kujibiwa, ombi lake huhesabiwa ameliondoa mwenyewe. Ile ruhusa ya kukaa iliyomlinda akisubiri nayo hukatika. Itambidi aombe upya akiwa Kenya, na alipe upya.

Akibaki, wizi peke yake hauliui ombi. Ataomba pasipoti mpya, kisha aiarifu idara ya uhamiaji ya huko namba ya ripoti na namba ya pasipoti mpya.

Kwa hivyo sisi jamaa, kabla hatujamwambia "njoo upesi," tumuulize: una ombi halijajibiwa? Akija, na aje akijua anachokiacha.