Mtaji wa Kuanzia Biashara: Njia Nne na Bei ya Kila Moja

Mama mmoja ametuandikia kuhusu bintiye anayesomea biashara chuoni huko Nyeri. Mwalimu amewataka walinganishe vyanzo vinne vya mtaji: akiba ya mwenyewe, mwekezaji malaika, mfuko wa mitaji ya ubia, na mchango wa umma. Mfano uliotolewa ni kiwanda kidogo cha mtindi mjini Karatina. Mama ameongeza kwamba binti ana nia ya kukianzisha kiwanda hicho kwa kweli akihitimu, na mjomba wake aliyeko Maskati ameahidi shilingi milioni moja. Anauliza, fedha hizo zipokewe kwa jina gani?

Swali la mama na la mwalimu ni moja. Wengi wanaolijibu huorodhesha faida na hasara, kisha hukomea hapo. Jibu lenye uzito huiuliza kila njia maswali mawili: anayepokea fedha hizi anatoa nini badala yake? Na biashara ikianguka, hasara ni ya nani?

Tuanze na akiba. Neno lake la Kiingereza limetokana na picha ya mtu anayejinyanyua kwa kuvuta kanda za viatu vyake mwenyewe. Binti hutumia akiba yake, fungu lake la chama, na faida ya mauzo ya kwanza. Hamgawii mtu umiliki, na hasara yote ni yake. Udhaifu wa njia hii hauko katika faida bali katika muda. Tuseme ana shilingi 60,000, na kila siku ya kazi ananunua lita 50 za maziwa kwa shilingi 50 lita moja. Hizo ni shilingi 2,500 kwa siku. Akiiuzia shule inayolipa mwisho wa mwezi, siku 26 za kazi zitamgharimu shilingi 65,000 za maziwa pekee. Fedha zitamwishia kabla hajalipwa hata senti moja, ingawa kila kikombe alichouza kina faida. Kwa hiyo njia hii humfaa mwenye wateja wanaolipa taslimu au wanaotanguliza malipo. Mwenye kukopesha wateja itamkwamisha.

Mwekezaji malaika ni mtu binafsi anayetoa fedha zake mwenyewe kwa biashara changa na kupewa sehemu ya umiliki. Mjomba wa Maskati anaweza kuwa huyo. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea hesabu. Tuseme wamekubaliana kwamba kiwanda, kabla ya fedha za mjomba, kina thamani ya milioni 4. Akitia milioni 1, thamani inakuwa milioni 5, na fungu lake ni moja juu ya tano, yaani asilimia 20. Anayegawa moja kwa nne atamwandikia asilimia 25, na kumpa asichostahiki. Basi ni lazima waseme wazi kama thamani iliyotajwa ni ya kabla ya fedha kuingia au ya baada.

Sasa tumjibu mama. Milioni ile yaweza kuwa zawadi, mkopo au ubia, na kila jina lina hukumu yake. Zawadi hairudishwi. Mkopo usio na riba hurudishwa kama ulivyo, kiwanda kipate au kikose. Mbia hugawana faida kwa makubaliano, na hubeba hasara kwa kadiri ya mtaji wake. Kinachozusha ugomvi ni mchanganyiko: mjomba aitwe mbia, kisha aahidiwe shilingi elfu kadha kila mwezi hata mwezi wa hasara. Huo si ubia tena. Ni mkopo wenye riba uliovishwa jina jingine. Jina liandikwe kabla ya fedha kutumwa, na mashahidi wawepo.

Mfuko wa mitaji ya ubia hutofautiana na malaika kwa kuwa msimamizi wake hutumia fedha za watu wengine, na kwa kawaida hutakiwa kuzirudisha katika muda wa miaka 10 hivi. Anajua kwamba nyingi kati ya kampuni alizoziingia zitaanguka, hivyo huzitafuta zile chache zinazoweza kukua mara kumi au zaidi, kisha zikauzwa au zikaingia soko la hisa. Kiwanda kinachoilisha familia moja vizuri Karatina kwa miaka 30 ni biashara njema, lakini hakimfai.

Tuseme hata hivyo mfuko umekuja baadaye na milioni 10, thamani ya kabla ikiwa milioni 30. Mfuko utapata robo. Asilimia 80 za binti zitashuka hadi 60, na 20 za mjomba hadi 15. Kuna sharti jingine ambalo mifuko mingi huliweka: haki ya kutangulia kulipwa. Kampuni ikiuzwa kwa milioni 60, mfuko utachagua robo yake, milioni 15, na binti atapata 36. Lakini ikiuzwa kwa milioni 12 tu, mfuko utachukua kwanza milioni zake 10. Zitabaki 2, na mwenye asilimia 60 ataondoka na milioni 1.6. Sharti hili linaihamisha hasara kwa wenzake, na ndilo la kuwapelekea wanazuoni kabla ya kutia saini.

Mfano wa kweli uko karibu. Twiga Foods ilianza mwaka 2014 kwa ndizi, zao linalolimwa kwa wingi Kirinyaga, Murang'a na Meru, ikiwauzia wenye vibanda jijini Nairobi. Mwaka 2021 ilipata dola milioni 50 kutoka kwa wawekezaji. Mwaka 2023 ilipunguza wafanyakazi, na mwaka 2024 Peter Njonjo, mmoja wa waasisi wake, aliondoka katika uongozi. Mtaji mkubwa haukuizuia misukosuko, wala uasisi haukuwa dhamana ya kiti.

Mchango wa umma kwetu si mgeni. Harambee ni ndugu yake. Kosa la kawaida ni kuuhesabu kuwa kitu kimoja. Kuna mchango wa sadaka, kama unaokusanywa kwa simu kupitia M-Changa. Kuna ununuzi wa kutangulia, mteja akilipia mtindi ambao haujatengenezwa. Kuna mikopo ya watu wengi, kama ya Kiva: mkopeshaji hapati riba, lakini taasisi inayoufikisha mkopo yaweza kumtoza mkopaji, basi aulize kwanza. Na kuna uuzaji wa hisa kwa umma, ambao Kenya iliuwekea kanuni mwaka 2022 chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kila aina ina majibu yake kwa maswali yetu mawili.

Binti akiandika hitimisho, asiseme njia zote ni nzuri. Aseme: kiwanda hiki kianze kwa akiba na kwa maduka yanayolipa taslimu; malipo ya kutangulia yanunue vikombe na maziwa; fedha za mjomba ziingie kwa ubia ulioandikwa, zinunue jokofu na mashine ya kufungia vikombe, wakati oda zimezidi uwezo wa mikono. Mfuko wa ubia auache, na ataje sababu: ukuaji unaotakiwa na mfuko haumo katika soko la Karatina.