Wana kila kitu? Wapelekee mtungi wa pili wa gesi

Harusi nyingi za siku hizi ni za watu ambao wameishi pamoja kitambo. Mahari ilianza kupelekwa zamani, mtoto wa kwanza yuko nasari, na sasa wameamua kwenda kanisani ama kwa msajili wa ndoa waweke mambo sawa. Nyumba yao iko na friji, iko na kochi, tivii iko ukutani, blenda ziko mbili, na sufuria zimepangwa kutoka ndogo mpaka ile ya kupikia wageni. Halafu kadi ya mwaliko inafika na sisi tunafanya nini? Tunaenda mjini kununua seti ya glasi sita. Mwingine analeta chupa ya chai. Mwingine blanketi, ya nne kwa hiyo nyumba. Wiki mbili baadaye zawadi zote ziko juu ya kabati, ndani ya zile karatasi zenu za kung'aa, zikingoja harusi ya mtu mwingine.

Maoni yangu ni haya: mtu mwenye nyumba iliyojaa usimpelekee kitu cha kukaa. Mpelekee kitu kinachoisha. Na kati ya vyote vinavyoisha kwa nyumba ya Mkenya anayekaa nyumba ya kupanga, hakuna kinachoisha kwa ubaya kama gesi. Kwa hivyo nunua mtungi wa gesi wa pili, uliojaa. Cheka kwanza, kisha unisikize.

Ukiingia kwa hizo nyumba ambazo tunasema ziko na kila kitu, nenda jikoni uhesabu mitungi. Mara nyingi ni mmoja. Kujaza gesi ya kilo 13 ni shilingi 3,000 na kitu, kulingana na mahali uko na chapa unayotumia. Lakini kuupata mtungi wa kwanza kabisa, unalipia chuma pia, na jumla inakaribia mara mbili ya hiyo pesa. Mtu akishanunua mtungi mmoja na unawaka, hakuna siku ataamka aseme leo nitatumia hela zote hizo kununua chuma kingine kikae tu. Kuna karo, kuna rent, kuna mchango wa chama. Kwa hivyo watu wanaweza kuishi miaka sita, wakanunua hata maikrowevu, na bado wako na mtungi mmoja.

Shida ya mtungi mmoja si kwamba gesi inaisha. Gesi itaisha tu. Shida ni kwamba inaisha ikichagua siku yake. Tuseme ni wawili wanaokaa Kahawa Wendani, na mtoto mmoja. Kilo 13 inawapeleka kama miezi miwili, pungufu kidogo kama wanachemsha maharagwe na githeri kwa gesi. Harusi ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Wamebaki na deni la mpishi na la mahema, mshahara umeshaenda, na tarehe 19 saa mbili usiku moto unazima ugali ukiwa haujaiva. Hapo huna nafasi ya kuuliza bei. Unachukua gesi kwa duka lililo karibu na lililo wazi, kwa bei yake, na hiyo 3,000 unaitoa kwa mkopo wa simu. Ama unanunua makaa ya siku chache, jiko linafuka moshi kwa balkoni na majirani wananuna.

Sasa weka mtungi wa pili hapo kwa kona. Moto unazima, mtu anabadilisha, ugali unaendelea. Ule uliokwisha unaweza kungoja mpaka mshahara uingie, kwa sababu huu mpya una kama miezi miwili mbele yake. Hujawapa gesi pekee. Umewapa wiki sita ama nane za kutafuta hiyo 3,000 polepole, na hiyo nafasi inarudi kila mara mtungi mmoja ukiisha, mradi wasikae na yote miwili mitupu. Glasi gani inafanya hivyo?

Najua mtu atasema, si utume pesa tu kwa M-Pesa waamue wenyewe. Sipingi sana. Lakini pesa iliyotumwa wiki ya harusi inaingia kwa harusi. Inamalizia keki, inalipa gari la bibi harusi, inamtuliza mpiga picha ambaye amesema hatoi picha mpaka balansi iishe. Hilo si kosa, ndiyo maana kuna komiti. Ila kama nia yako ilikuwa kusaidia nyumba, hiyo pesa haikufika nyumbani.

Sasa, ukikubaliana nami, kuna mahali watu huharibu. Usinunue kabla ya kujua mtungi wanaotumia. Mtafute dada ya bibi harusi ama yule beste anayeingia jikoni bila kubisha, aupige picha mtungi wao. Unataka kuona ukubwa na chapa. Kama wanatumia kilo 13 na wewe umeleta ya kilo 6, ile regyuleta yao mara nyingi haitaingia, na usiku gesi ikiisha watabaki wakiuangalia mtungi wako umejaa na hawawezi kuuwasha. Kama ni kilo 6 unataka kutoa kwa sababu ya bajeti, toa ule wa kuwekwa kichwa cha kupikia juu, ule tunaita meko, hapo unajitegemea bila regyuleta wala payipu. Chapa nayo ni muhimu kwa sababu tangu sheria mpya za gesi za 2019, kampuni hazilazimiki tena kubadilishana mitungi ovyo, inategemea makubaliano yao. Duka lao la mtaa likikataa chapa uliyoleta, umewapa safari ya kutafuta mahali pa kujazia. Leta ile ile wanayotumia, hata kama wewe binafsi unaipenda nyingine.

Na hakikisha kwanza kama wanatumia gesi ya mtungi. Kuna maploti mapya Nairobi yaliyounganishwa gesi ya bomba, na kuna watu wamehamia jiko la stima. Pia kuna vijumba vidogo sana ambavyo mtungi wa ziada hauna pa kukaa salama. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka na kutulia chini sakafuni, kwa hivyo mtungi wa akiba haufai kuwekwa chini ya kitanda ama ndani ya kabati lililofungwa. Unataka mahali penye hewa, ukisimama wima, mbali na jiko linalowaka. Kama nyumba ni chumba kimoja na hapana balkoni, lipia kujazwa kwa ule walionao na uishie hapo.

Dukani usione haya. Nenda kwa muuzaji mwenye leseni, si kwa yule anayejazia mitungi nyuma ya ploti. Hatujasahau Mradi, Embakasi, usiku wa Februari 1, 2024, gesi ilipolipuka mahali ambapo EPRA ilisema ilikuwa imekataa kutoa kibali. Angalia kwamba sili iko na haijachezewa. Halafu itisha mizani. Kwa shingo ya mtungi kumepigwa chapa uzito wa chuma kitupu, kwa kawaida baada ya herufi TW. Tuseme imeandikwa 13.6. Ongeza 13 ya gesi, mizani inafaa kusoma 26.6. Ikisoma 24, kuna kilo mbili na nusu hivi za gesi hujauziwa, yaani karibu siku kumi na mbili za kupika kwa wale watu wetu wa Wendani. Muuzaji akianza kusema ati mizani imeharibika, msalimie vizuri uende kwa mwingine.

Kama mko marafiki watano ama sita na mnachanga, msiongeze mtungi wa tatu. Ongezeni payipu mpya na klipu zake mbili, na regyuleta kama ile yao ni nzee. Hii ndiyo sehemu ambayo nyumba yenye kila kitu husahau kabisa. Payipu ilinunuliwa siku walipoanza kuishi pamoja, ikapitishwa nyuma ya kuka, na haijaangaliwa tena. Ikunje kwa mkono: ukiona nyufa ndogo ndogo kama ngozi kavu, ama imekuwa ngumu, ama imelainika karibu na klipu, muda wake umeisha. Ikishafungwa mpya, mnapaka povu la sabuni kwa viungo na kufungua gesi. Povu likivimba, panavuja. Msijaribu na kiberiti, tafadhali.

Swali la mwisho huwa ni la aibu: nitacheza vipi mpaka mbele ya emsii nikiwa na mtungi wa gesi? Usiubebe. Kwanza mtungi hauna biashara ndani ya ukumbi uliojaa watu, wala ndani ya matatu ukilazwa chini ya kiti. Lipa dukani, kubaliana wapelekewe nyumbani siku wakisharudi, na kwa bahasha weka risiti pamoja na kadi. Utacheza na bahasha kama watu wengine na hakuna atakayejua kama ni 500 ama 50,000. Shangazi fulani atauliza kwa nini hukuleta kitu cha kuonekana. Mwambie kitaonekana jikoni.

Na siku ya kupelekwa, piga simu kwanza, kisha mtumie mwenye nyumba ujumbe mfupi namna hii: mimina maji ya moto kidogo ubavuni mwa mtungi mnaotumia sasa, kisha pitisha mkono kutoka juu kushuka. Pale panapobaki baridi ndipo gesi ilipofika. Huu mpya usifunguliwe mpaka ule wa zamani uzime wenyewe, na ukizima, wa zamani uende kujazwa ndani ya mwezi huo, usiachwe pale ukiwa mtupu mpaka wa pili nao uishe.