Droni ya kwenye picha: kamera yake inaning'inia?

Kijana wa Iringa anayetaka kurekodi walima kutoka angani hutumiwa picha na muuzaji aliyeko Mbeya, naye hutakiwa kulipa kabla mzigo haujapakiwa kwenye basi. Aombe kwanza picha mbili: ya kamera kwa karibu, droni ikiwa imezimwa na kifuniko cha kamera kimeondolewa, na ya maandishi ya betri.

Katika droni halisi ya DJI Mini 2, kamera huning'inia kwenye gimbali, yaani mikono midogo yenye mota 3 inayoituliza upepo unapovuma. Umeme ukikatwa, mota hulegea na kamera huinama; uwazi huonekana kati yake na kiwiliwili. Katika igizo kama lile liitwalo E88, mikono hiyo ni plastiki iliyofinyangwa tu, na kamera imekaa imara kama jino. Picha zake zitatikisika, hata boksi likinadi 4K.

Betri ya Mini 2 huandikwa 2250 mAh, 7.7 V na 17.32 Wh. Zidisha 2.25 kwa 7.7, utapata karibu hiyo hiyo. Hesabu ikikataa, tia shaka. Ikikubali, usitulie bado, kwani lebo hunakiliwa kwa urahisi kuliko gimbali.

Anayeuza E88 kwa jina lake hajamdanganya mnunuzi. Anayeiita Mini 2 amefanya ghishi, na mnunuzi anayo khiyari ya kuirudisha na kudai fedha zake. Kwa hiyo ule ujumbe uliotaja jina la droni usifutwe kwenye simu.