Kahawa ipo ghalani, bei imepanda, mfanyabiashara anafilisika: inakuwaje?

Februari 2025 bei ya kahawa ya arabika katika soko la New York ilivuka dola 4 kwa ratili moja, yaani karibu nusu kilo. Haikuwa imewahi kufika hapo. Mtu angetarajia kila mwenye kahawa ghalani ashangilie, lakini baadhi ya wafanyabiashara waliishiwa fedha wakati huohuo. Tueleze kwa mfano.

Mfanyabiashara amenunua tani 17 za kahawa. Anahofia bei itashuka kabla hajaiuza, kwa hiyo anajikinga: anauza New York mkataba mmoja wa kahawa ya miezi ijayo kwa dola 2.50 kwa ratili. Mkataba mmoja ni ratili 37,500, karibu tani hizohizo 17. Bei ikishuka, hasara ya ghalani itafidiwa na faida ya mkataba.

Ili akubaliwe, anaweka dhamana kwa wakala wake wa soko. Tuseme ni dola 9,000, na haitakiwi kupungua chini ya 8,000. Kila jioni soko linapiga hesabu. Bei ikipanda senti 10 tu, mkataba umemtia hasara ya dola 3,750, nazo zinakatwa kwenye dhamana. Zimebaki 5,250. Wakala anampigia simu: rudisha dhamana ifike 9,000, mara nyingi kabla ya kesho kwisha. Huo ndio wito wa kuongeza dhamana.

Kahawa yake nayo imepanda thamani kwa kiasi kilekile. Shida ni kwamba iko ghalani au melini na haijalipwa, ilhali wakala anataka fedha taslimu leo. Kesho bei ikipanda tena, anadaiwa tena. Isitoshe, bei zikiyumba sana, soko lenyewe hupandisha kiwango cha dhamana.

Akishindwa kulipa, wakala haendi mahakamani. Makubaliano yanamruhusu kuufunga mkataba bila ridhaa ya mteja, kwa kununua mwingine kama huo kwa bei ya wakati huo. Hasara sasa ni ya kudumu, na ikizidi dhamana, kinachobaki ni deni. Tena, wengi wakifungiwa siku moja, ununuzi huo wa lazima unaisukuma bei juu zaidi, na wengine nao wanapigiwa simu.

Kwa mkulima, hapa pana jambo la kuangalia. Bei kubwa ya New York haimaanishi kwamba mnunuzi anayekuja kijijini ana fedha mkononi. Huenda fedha zake zimekwama kwenye dhamana. Anayetaja bei nzuri lakini anaomba kuchukua kahawa sasa na kulipa baadaye, tumuulize kwanza: malipo yatatoka wapi, na lini?