Saiti ya konsulta: ukurasa moja ao kurasa mingi?

Bandugu, kampuni ikipunguza wafanyakazi, fundi mwenye ujuzi anachukua dekonti yake na anaanza kazi ya konsulta. Kisha anatafuta saiti ya intaneti. Mwenye kuitengeneza anamuuliza: unataka ukurasa moja murefu wa kusukuma na kidole, ao kurasa mbalimbali? Wengi wanajibu: mingi, nionekane mukubwa. Sisi tunasema hapana, isipokuwa iko sababu.

Tumufuate ndugu mumoja wa hapa Kolwezi, aliyekuwa wa usalama wa mugodi. Alilipia kurasa tano: Karibu, Mimi ni nani, Kazi, Picha, Namba. Kila moja ilikuwa na mistari mitatu tu. Mukubwa wa koperative alifungua ya kwanza kwa telefone, akaona picha ya kofia ya kazi, bei hakuna, namba hakuna. Kufungua ukurasa mwingine njo kungojea rezo tena. Akafunga.

Ndugu yetu akaweka vyote kwa ukurasa moja, na picha tisa juu yake. Shida ikageuka. Picha moja ya telefone inaweza kufika mega 3. Tisa njo mega 27, na msomaji anazilipa kwa forfe yake. Akapunguza kila picha chini ya mega 0,2, na namba yake akaipandisha juu kabisa. Sasa saiti yote haifiki mega 2, na ma koperative yakaanza kupiga simu.

Lakini ma kampuni hayakupiga. Kwa nini? Yeye iko na kazi mbili: kufundisha wachimbaji usalama, na kupima vumbi kwa ajili ya kampuni. Kwa Google, ukurasa moja unakuwa na adresi moja na kichwa kimoja. Kichwa chake kilisema mafunzo. Mwenye kutafuta vumbi hakumuona. Aliongeza `#vumbi` kwa mwisho wa adresi, lakini ile inashusha tu msomaji chini ya ukurasa ule ule, Google haiihesabu kama ukurasa mwingine. Hata akiituma kwa WhatsApp, kichwa kinachoonekana ni kile kile cha mafunzo.

Njo maana leo iko na kurasa tatu: ya kwanza fupi yenye namba, moja ya mafunzo kwa Kiswahili, moja ya vumbi kwa Kifaransa. Kila moja iko na bei na namba yake.

Basi, mbele ya kulipa, kumbukeni wateja kumi wa mwisho: waliuliza nini kwanza? Kama wote waliuliza jambo moja, ukurasa moja unatosha. Kama ni makundi mawili yenye maulizo tofauti, kila kundi lipewe ukurasa wake. Na ukurasa wa mistari mitatu, msiulipie: ile mistari ina nafasi kwa ukurasa wa kwanza.