"Sauti Si Yake Hiyo?" Ndiyo, Ila Swali Siyo Hilo

Kila voisi noti ya aibu ikisambaa, magrupu yanagawanyika pande mbili. Upande mmoja unasema "sauti ni yake kabisa, namjua", upande wa pili unasema "hii imetengenezwa, sikiliza pale mwishoni". Wanabishana mpaka asubuhi, na wote wanabishania kitu kisichosaidia. Sauti ya kutengeneza inatengenezwa ili ifanane na ya mwenyewe. Kufanana siyo ushahidi. Kinachotakiwa kuulizwa ni nani aliyeileta kwa mara ya kwanza, na aliipata wapi.

Kuna kesi ya Marekani inayoonyesha hili vizuri. Januari 2024, kwenye sekondari ya Pikesville jimbo la Maryland, ilitoka sauti ya mkuu wa shule akiwatukana wanafunzi weusi na Wayahudi. Iliingia kwanza kwenye imeili za walimu watatu, mmoja akaisambaza, na ndani ya muda mfupi nchi nzima ikawa inaisikiliza. Mkuu alisema siyo yeye. Nani amsikilize? Akasimamishwa kazi, vitisho vikawa vingi mpaka polisi wakalinda nyumba yake.

Wataalamu waliletwa kuisikiliza na walikuta dalili za kutengenezwa, pamoja na kelele za nyuma zilizoongezwa ili ionekane ya kweli. Lakini kilichompata mtu ni njia ya kizamani tu. Polisi walifuata ile akaunti ya imeili iliyotuma, wakakuta namba ya simu iliyounganishwa nayo ni ya mkuu wa michezo wa shule hiyohiyo. Huyo bwana alikuwa anachunguzwa kuhusu hela za shule, na anayemchunguza ni bosi wake. Alikamatwa Aprili 2024. Mwaka 2025 hakukiri kosa, ila alikubali kwamba ushahidi unatosha kumtia hatiani, akapewa miezi 4 jela.

Somo lake ni kwamba sikio lilibaki na mashaka, ila nyayo zilifika mpaka mlangoni.

Sasa ileteni hiyo Tabora. Ni mfano tu, hakuna mtu anayesemwa hapa. Dada anaishi Kipalapala, kila asubuhi anapanda bodaboda kwenda kuuza duka la nguo mjini. Jumatano usiku, kwenye grupu la wafanyabiashara, inadondoshwa sauti "yake" ya sekunde 30 anajisifu jinsi anavyochota mauzo ya bosi. Alhamisi saa mbili asubuhi bosi anataka funguo. Kosa la kwanza ambalo wengi wanalifanya hapo ni kulia, kutukana, kufuta kila kitu na kujitoa kwenye grupu. Akitoka, ametoka na ushahidi wake mwenyewe.

Abaki, aangalie ule ujumbe ulivyo. WhatsApp ikiwa inaonyesha neno "Forwarded" juu yake, aliyeudondosha siyo wa kwanza, ameupata kwa mwingine. Ikionyesha "Forwarded many times", umeshapita mikono mingi. Basi anaulizwa kwa upole: "Kaka, hii ulitumiwa na nani, saa ngapi?" na anaombwa skrinshoti yenye tarehe na saa. Kisha huyo wa pili anaulizwa vilevile. Ukifika kwa mtu ambaye ujumbe wake hauna hilo neno, na hawezi kusema aliyemtumia, umefika karibu na jikoni. Siyo lazima ndiye mpishi, kwa sababu mtu anaweza kulihifadhi faili kwenye simu na kulipandisha upya, na neno likapotea. Lakini sasa kuna mtu mmoja wa kujibu, badala ya grupu la watu 200.

Cha pili ni jina la faili. Kwenye simu nyingi za Android, voisi noti iliyorekodiwa ndani ya WhatsApp huhifadhiwa kwa jina linaloanza na `PTT-`, na faili la sauti lililopandishwa kutoka nje huanza na `AUD-`. Kama watu wanadai "alijirekodi mwenyewe akakosea grupu", halafu faili ni `AUD-`, hadithi hiyo inahitaji kuulizwa maswali zaidi. Hapa kuwe na umakini: `AUD-` peke yake haimaanishi feki, maana hata simu ya kweli iliyorekodiwa huja hivyo. Na tarehe iliyo kwenye jina siyo siku sauti iliporekodiwa, ni siku faili lilipoingia kwenye simu hiyo. Wengi wameshindana bure kwa kuisoma vibaya.

Cha tatu ni kuunganisha. Feki nyingine za mtaani hazihitaji mitambo mikubwa, ni vipande vya voisi noti zake za zamani vimeshonwa. Hapa kuna mtego mzuri. Binadamu hawezi kutamka neno moja mara mbili likatoka sawasawa kabisa. Dada atafute voisi noti zake za zamani alizosema "hela za bosi", aziweke pamoja na ile ya aibu kwenye programu ya bure kama Audacity, na mtu anayejua aangalie michoro ya mawimbi. Neno likilingana nukta kwa nukta, limekatwa huku likabandikwa kule.

Picha nayo ni hivyohivyo. Kukodoa macho kwenye vidole hakutoshi siku hizi. Iingizwe Google Lens, kisha ikatwe kichwa na mwili viingizwe kila kimoja peke yake. Kichwa kinaweza kupatikana kwenye picha yake ya harusi ya rafiki, na mwili kwa mtu wa nchi nyingine. Ukiweka picha asili pembeni ya feki, mjadala unaisha bila kelele. Picha asili ndiyo mwisho wa ubishi. Zile tovuti zinazotoa asilimia za "feki" zinakosea pande zote mbili, na bosi mbishi atazikataa tu.

Sheria ya Tanzania inafuata mkondo huohuo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inataka mahakama ipime ujumbe ulivyotengenezwa na kutunzwa, kama haujachezewa, na mtumaji wake wa kwanza ametambuliwaje. Haijasema "inafanana na sauti yake". Ndiyo maana dada asiende polisi na skrinshoti tupu. Aende na simu yenyewe iliyopokea, na mazungumzo aliyoyatoa kwa `Export chat`, aombe namba ya RB. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka huohuo ina kifungu cha 16 cha taarifa za uongo na cha 23 cha unyanyasaji wa mtandaoni.

Ila polisi inachukua muda, na duka linafunguliwa kesho. Pikesville ilichukua miezi mitatu, na mkuu yule hakurudi kwenye shule ile. Kwa hiyo mzigo mkubwa uko kwa bosi, na kwa mwalimu mkuu kama ni mwanafunzi. Kabla ya kuchukua funguo, ahesabu mauzo. Kama hela zipo, sauti inadai wizi ambao haukutokea. Kisha amgeukie aliyeileta: umeipata wapi? Anayejibu "nimetumiwa tu" bila kusema na nani, hajaleta ushahidi, ameleta umbea. Na umbea haumfukuzi mtu kazi.