Usiache mtu abonyeze “Effacer les données”

Hapa Lubunga, telefone ikikawia kufungua ukurasa, rezo ndiyo inalaumiwa. Mara nyingi wanaionea bure. Zima data, kisha fungua kamera: nayo ikikwama, ugonjwa uko ndani ya telefone.

Chukua telefone ya giga 16. Mfumo wenyewe unakula sehemu kubwa, video za WhatsApp zinajaza iliyobaki. Nafasi ikikaribia kuisha, Chrome inajikokota. Basi futa kwanza video zisizohitajika. Halafu ingia Paramètres, Applications, Chrome, Stockage, ubonyeze “Vider le cache”. Hiyo inaondoa mabaki ya kurasa tu. Usifanye kila siku, maana kurasa zitashuka upya na mega zitaliwa.

Hatari iko kwenye kitufe cha jirani, “Effacer les données”. Vijana wengine wa kutengeneza telefone wanakibonyeza haraka ili mteja aone imepona. Kwenye WhatsApp kinafuta mazungumzo ambayo hayakuhifadhiwa. Kwa familia iliyokimbia vita vya Wambole na Walengola, humo ndimo sauti za ndugu waliobaki kijijini. Afadhali telefone nzito.

Funga pia kurasa ulizoacha wazi. Telefone ndogo haiwezi kuzibeba zote. Ukirudia moja, inashuka tena kwa mega zako. Mwisho, washa “Économiseur de données” ili programu zisile mega kwa siri, lakini iruhusu WhatsApp, la sivyo ujumbe utachelewa kufika.